Jinsi ya kufunga kifaa cha kuripoti kina cha tangi la maji kwa laini ya simu

Mwongozo huu ni wa fundi au kamati ya maji yenye tangi mlimani, pampu bondeni, na mhudumu wa pampu anayelazimika kupanda kilima kuona kama maji yamejaa. Tutatengeneza kifaa kinacholala karibu siku nzima, kinachoamka kila dakika tano kupima kina, na kinachowasha modemu pale tu panapokuwa na jambo la kusema. Vifaa vyake vinapatikana kwenye maduka ya elektroniki ya mijini. Kazi kubwa ipo kwenye kuamua ni lini kifaa kiseme na ni lini kinyamaze, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, aina ya mradi unaosimamiwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii huku Tanzania. Tangi ni la zege, la duara, lenye kipenyo cha mita 5 kwa ndani. Bomba la kumwagia maji ya ziada liko mita 2.5 kutoka sakafuni, na bomba la kutolea liko sentimita 20 juu ya sakafu. Pampu ya kisima kirefu inaleta lita 10,000 kwa saa. Jioni, wakati wa matumizi makubwa, kijiji kinachota lita 8,000 kwa saa.

Hatua ya 1: Fanya hesabu ya tangi kabla ya kununua chochote

Eneo la sakafu ya tangi hili ni mita za mraba 19.6. Maana yake kila sentimita moja ya kina ni lita 196 za maji. Andika namba hiyo ukutani, kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yanatoka hapo. Pampu ikiwaka na hakuna anayechota, kina hupanda sentimita 51 kwa saa. Matumizi ya jioni, pampu ikiwa imezimwa, hushusha kina sentimita 41 kwa saa. Kwa dakika kumi na tano ni sentimita 10 hivi.

Kama tangi lako ni la plastiki la lita 10,000, rudia hesabu hii kwa kipenyo chako. Ukinakili viwango vya tangi la mtu mwingine, utapata kifaa chenye kelele nyingi au kisichosema kabisa.

Hatua ya 2: Chagua kihisi na ukifunge vizuri

Vihisi vya mawimbi ya sauti vinavyofungwa kwenye mfuniko ni rahisi, lakini ndani ya tangi kuna mvuke. Matone yakiganda kwenye uso wa kihisi, vipimo huanza kurukaruka. Kwa tangi la kijiji napendekeza kihisi cha mgandamizo kinachozamishwa majini, chenye waya mbili na kutoa mkondo wa 4 hadi 20 mA. Chagua cha mita 0 hadi 3. Ukinunua cha mita 10 kwa tangi la mita 2.5, unatupa robo tatu ya usahihi wake.

Kitumbukize ndani ya bomba la plastiki la inchi mbili lililosimama wima na kutobolewa matundu upande wa chini. Bomba hilo hutuliza mawimbi pale maji ya pampu yanapomwagika kutoka juu. Kiache sentimita 5 juu ya sakafu ili kisizame kwenye tope, kisha uongeze hizo sentimita 5 kwenye hesabu ya kina.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaelezwi dukani ni mrija mwembamba wa hewa uliomo ndani ya waya wa kihisi hiki. Kihisi hulinganisha mgandamizo wa maji na ule wa hewa ya nje kupitia mrija huo. Ukiukunja kwa nguvu, ukiuziba kwa gundi au ukiuacha ndani ya boksi lisilopitisha hewa, kihisi kitaanza kupima na hali ya hewa pia. Utalijua tatizo hili kwa saa zake. Katika nchi za tropiki, mgandamizo wa hewa hupanda karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hushuka karibu na saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Badiliko la hektopaskali moja ni sawa na sentimita moja ya maji. Kwa hiyo ukiona kina kinapanda na kushuka sentimita mbili au tatu mara mbili kwa siku, hata pampu ikiwa imezimwa na koki zimefungwa, kagua mrija wa hewa kabla hujamlaumu mtu au kubadilisha kihisi. Umalizie mrija kwenye kikopo chenye silika jeli na tundu dogo linaloelekea chini, na silika jeli hiyo ubadilishe kila inapogeuka rangi.

Hatua ya 3: Soma kihisi bila kumaliza betri

Pitisha mkondo wa kihisi kwenye rezista ya omu 150. Katika 4 mA utapata volti 0.6, na katika 20 mA utapata volti 3.0, kipimo ambacho kidhibiti cha volti 3.3 kinakisoma bila shida. Kwa kihisi cha mita 3, kila sentimita ni milivolti 8:

```
kina_cm = (mV - 600) / 8 + 5
```

Mfano: ukisoma milivolti 1776, kina ni 1176 ÷ 8 = 147, jumlisha 5, unapata sentimita 152.

Vihisi vingi vya aina hii vinahitaji angalau volti 12 kwenye ncha zake. Kumbuka kwamba rezista nayo inakula volti 3 tangi likiwa karibu kujaa, kwa hiyo weka moduli ya kupandisha volti na uirekebishe itoe volti 16. Ukiiacha kwenye 12, vipimo vitakuwa sahihi tangi likiwa na maji machache, kisha kina kitagoma kupanda likikaribia kujaa. Kosa hilo linachanganya sana, maana majaribio ya mezani, kihisi kikiwa kwenye ndoo, hayalionyeshi.

Kata umeme wa moduli hiyo kwenye upande wake wa kuingilia kwa transista. Moduli nyingi za bei nafuu hupitisha volti ya betri hadi kwenye kihisi hata zikiwa zimezimwa. Kila unapoamka, washa, subiri sekunde moja, chukua vipimo vitano, tumia cha katikati, kisha zima.

Chini ya milivolti 540 waya umekatika. Juu ya milivolti 3150 kuna hitilafu au maji yameingia kwenye kiungio. Hali zote mbili ziripotiwe kama ubovu wa kihisi. Zisigeuzwe kuwa kina, kwa sababu waya uliokatika utasomeka kama tangi tupu, na mhudumu atawasha pampu juu ya tangi lililojaa.

Hatua ya 4: Kidhibiti, modemu na betri

Kidhibiti cha ATmega328P kisicho na taa ya kuonyesha umeme wala kirekebisha volti cha ubaoni kinatosha kabisa. Kiunganishe na saa ya DS3231, ambayo haipotezi zaidi ya dakika moja hivi kwa mwaka, ndiyo ikiamshe kila dakika tano. Bodi za ESP32 nazo zinafaa, ila chipu yenyewe hulala kwa mkondo mdogo sana huku bodi nzima ikila miliampia kadhaa. Pima kwa mita kabla ya kuamini.

Kwa modemu, SIM800L ya 2G bado inafanya kazi mahali pengi vijijini. Kama unajenga kitu cha miaka mingi, lipia zaidi kidogo uchukue A7670E, inayotumia 4G na pia 2G. Zote mbili zina tabia moja ya kuzingatia: zikitafuta mnara kwa 2G huvuta mkondo hadi ampia 2 kwa kitambo kifupi sana. Waya mwembamba au kiungio kilicholegea hushusha volti, modemu hujizima, huwaka tena, hutafuta mnara, hujizima tena. SIM800L itakuambia yenyewe kwenye skrini kwa maneno `UNDER-VOLTAGE POWER DOWN`. Dawa ni waya mnene na mfupi, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 1000 hadi 2200 karibu kabisa na modemu.

Betri za lithiamu za 18650 zinaweza kuilisha modemu moja kwa moja, bila kirekebisha volti. Weka tatu sambamba, pamoja na kinga yake. Kila moja ikiwa na mAh 2500, jumla ni 7500. Mimi huhesabu 5000 tu, ili modemu isiwahi kufika kwenye volti za chini.

Sasa linganisha. Kulala kwa mkondo wa 0.05 mA ni mAh 1.2 kwa siku. Kuwasha kihisi sekunde moja kila dakika tano ni mAh 5 hivi. Safari moja ya modemu, kuwaka, kupata mtandao, kutuma na kuzimwa, ni sekunde 45 kwa wastani wa mA 100, yaani mAh 1.25. Ukituma kila kipimo, hizo ni safari 288 kwa siku na mAh 360, na betri zitaisha ndani ya wiki mbili. Ukituma mara 12 kwa siku, jumla ya yote ni mAh 21, na betri hizohizo zinavuka miezi saba bila jua. Paneli ndogo ya sola ya wati 3 basi inakuwa akiba ya kutosha hata msimu wa masika.

Hatua ya 5: Andika kanuni za kusema

Hapa ndipo kifaa kinapofaulu au kinaposhindwa. Kanuni zinazonifaa kwa tangi la mfano wetu ni hizi.

Ya kwanza ni badiliko la jumla. Tuma kina kikiwa kimehama sentimita 25, ambazo ni lita 4,900, sawa na nusu saa ya pampu. Badiliko dogo zaidi ya hapo halimfanyi mhudumu achukue hatua yoyote. Tangi likishuka kutoka 240 hadi 100 na kupanda tena kwa siku moja, ni meseji 11 hivi.

Ya pili ni viwango vyenye amri. Kwenye sentimita 225, "zima pampu": zimebaki 25 hadi kumwagika, na hata kama hakuna anayechota, mhudumu ana karibu nusu saa. Kwenye sentimita 80, "washa pampu": hadi kwenye bomba la kutolea zimebaki 60, ambazo ni saa moja na nusu ya matumizi ya jioni. Kila kiwango kiwe na nafasi ya kurudi. Meseji ya 225 ikishatumwa, isitumwe tena mpaka kina kishuke chini ya 205 kwanza. La sivyo mawimbi madogo kwenye 224 na 226 yatamaliza salio kwa usiku mmoja.

Ya tatu ni kasi. Matumizi ya kawaida hayazidi sentimita 10 kwa dakika kumi na tano. Zikishuka 15 katika muda huo, bomba limepasuka au mtu amefungua koki ya kusafishia. Zikipanda zaidi ya 20, pampu yetu haiwezi kufanya hivyo, kwa hiyo mwenye tatizo ni kihisi.

Katika kanuni ya kwanza kuna kosa moja ambalo programu nyingi zinalo: kulinganisha kipimo cha sasa na cha dakika tano zilizopita. Chukua tangi linaloshuka sentimita 2 kila mara. Tofauti itakuwa 2 daima, haitafika 25, na tangi litatoka 225 hadi 20 kwa muda wa saa nane na nusu bila meseji ya badiliko hata moja. Linganisha na kipimo cha mwisho kilichotumwa na kupokelewa na mtandao. Kama kutuma kumeshindikana, kipimo hicho cha zamani kibaki palepale.

```c
bool badiliko = abs(kina - kinaKilichotumwa) >= 25;
bool kasi     = (kina15 - kina) >= 15;
bool salamu   = saaImefika(6, 0);

if (badiliko || kasi || salamu || kiwango()) {
  if (tumaSMS(kina)) kinaKilichotumwa = kina;
  else ratibuJaribio();
}
```

`tumaSMS` irudishe kweli pale tu modemu inapojibu `+CMGS:`. Alama ya `>` inayotangulia haitoshi.

Hatua ya 6: Upe ukimya maana

Kifaa kinachosema panapokuwa na jambo tu kina hatari yake. Kikifa, hufanana na tangi lililotulia. Ndiyo maana kwenye programu kuna `salamu`: meseji moja ya lazima kila siku, hata kama hakuna kilichobadilika.

Saa ya salamu isichaguliwe ovyo. Ukiiweka saa sita usiku, hakuna atakayegundua kwamba haikuja. Iweke saa kumi na mbili asubuhi, muda mfupi kabla mhudumu hajaamua kuwasha pampu. Meseji hiyo anaihitaji, kwa hiyo isipofika atajua palepale. Mwekeeni utaratibu ulioandikwa kwenye daftari la pampu: salamu isipofika hadi saa moja, panda uangalie tangi kwa macho, kisha mpigie fundi.

Salamu hiyo ibebe na kitu cha maana:

```
TANGI1 NA.418 KINA 152 USIKU 158 BETRI 3.94 MTANDAO 17
```

`NA.` ni namba ya mfululizo. Mkipokea 416 kisha 418, mnajua 417 ilipotea njiani, na kwamba kifaa chenyewe ni kizima. `USIKU` ni kina cha saa sita usiku. Hapa tofauti ni sentimita 6, yaani karibu lita 1,200 zimeondoka wakati watu wamelala. Mvujo mdogo wa namna hiyo haungeamsha kanuni yoyote ya hatua ya 5, lakini ukijirudia asubuhi tatu mfululizo, ni wakati wa kutembea kandokando ya bomba kuu.

Mhudumu apokee salamu, amri na tahadhari za kasi. Meseji za badiliko la sentimita 25 ziende kwa fundi peke yake. Mtu anayepokea meseji nyingi zisizomhusu ataacha kuzisoma, na ya bomba kupasuka itapita pamoja nazo.

Hatua ya 7: Laini, mtandao na majaribio ya kutuma tena

Sajili laini kwa jina la chombo cha maji, isiwe ya fundi. Iweke kwenye simu kwanza, ondoa namba ya siri, hakikisha inatuma meseji. Bando la mwezi likiisha katikati, kifaa kizima kitaonekana kimekufa, kwa hiyo mtunza hazina awe na tarehe ya kulipia kwenye kalenda yake. Matangazo ya mtandao nayo hujaza nafasi ya meseji kwenye laini. Yafute mara kwa mara kwa `AT+CMGDA="DEL ALL"` kama unatumia SIM800L.

Ukiwa juu ya tangi, unganisha kompyuta na modemu uandike:

```
AT+CPIN?
AT+CSQ
AT+CREG?
AT+CMGF=1
```

`AT+CSQ` hutoa namba ya 0 hadi 31, na 99 maana yake haijulikani. Ikiwa chini ya 10, sogeza antena au ibadilishe kabla ya kuendelea. `AT+CREG?` ikijibu `0,1` umesajiliwa kwenye mtandao wako. `0,5` ni mtandao wa nje, jambo linalotokea karibu na mipaka na linaloweza kukugharimu.

Mnara ukizimika, modemu inayotafuta bila kukoma humaliza betri upesi kuliko kazi nyingine yoyote. Ipe dakika mbili, izime, jaribu tena baada ya dakika kumi, kisha thelathini, kisha kila saa mbili. Amri za kuzima na kuwasha pampu zijaribiwe kila dakika kumi, kwa sababu baada ya saa mbili hazina faida. Mtandao ukirudi, tuma hali ya sasa. Mhudumu hana haja ya meseji saba za jana.

Hatua ya 8: Jaribu ubovu kabla ya kukabidhi

Funga boksi upande wa kivuli, nyaya ziingie kwa chini. Tangi la mlimani hupigwa radi, kwa hiyo weka kinga ya msukumo wa umeme kwenye waya wa kihisi, fimbo ya ardhi chini ya tangi, na antena iwe chini kuliko ukingo wa juu wa tangi.

Kisha haribu kwa makusudi, mhudumu akiwa pembeni na simu yake. Chomoa waya wa kihisi: meseji ya ubovu ifike ndani ya dakika kumi. Vuta kihisi juu sentimita 30 ndani ya bomba lake: tahadhari ya kasi ifike. Toa antena kwa saa moja huku kina kikibadilika, irudishe, uone kama hali ya sasa inatumwa na namba ya mfululizo inaendana. Mwisho, zima kifaa jioni bila kumwambia mhudumu, usubiri kesho saa moja asubuhi kama atapanda kilima. Asipopanda, kilichobaki kurekebishwa ni utaratibu kwenye daftari la pampu.

Baada ya wiki mbili hesabu meseji. Zikiwa zaidi ya ishirini kwa siku, panua zile sentimita 25. Kama amri ya kuzima inafika maji yakiwa yameshaanza kumwagika, shusha 225 hadi 215, na usiguse kingine mpaka wiki mbili nyingine zipite.